Jaribio dogo la darasani: jinsi ya kugawa wanafunzi kwa bahati nasibu na kusahihisha bila kujua nani yuko kundi gani

Walimu walioko kazini na wanachuo wa ualimu wanaofanya utafiti wa darasani hurudia maswali yaleyale. Nikitumia mkondo A kwa njia mpya na mkondo B kwa njia ya zamani, si nitakuwa na kundi linganishi? Je, nikichukua namba shufwa kwenye rejista? Je, lazima wanafunzi wasijue chochote? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata jaribio moja mwanzo hadi mwisho, ili uweze kulifanya darasani kwako bila fedha za mradi.

Jaribio lenyewe ni hili. Una Darasa la Sita lenye wanafunzi 48, na mada ni mmeng'enyo wa chakula katika somo la Sayansi. Unataka kujua kama mwanafunzi anayejibu maswali mafupi bila kufungua daftari, mwishoni mwa kipindi, anakumbuka zaidi kuliko yule anayetumia dakika hizohizo kusoma muhtasari wa somo. Nusu ya darasa watapata karatasi ya maswali, nusu karatasi ya muhtasari. Wiki mbili baadaye wote watafanya mtihani mmoja.

Kwa nini usilinganishe tu mikondo miwili iliyopo? Magharibi mwa Kenya, katika maeneo ya Busia na Teso, watafiti walitaka kujua kama chati za ukutani huinua alama. Walipolinganisha shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kusaidia sana. Kisha wakachukua shule 178 na kuzigawa bila upendeleo, nusu zikapewa chati na nusu zikakosa. Tofauti ya alama haikuonekana. Shule zilizokuwa na chati tangu awali zilikuwa na mambo mengine mazuri pia, na sifa zake zilikuwa zikiangukia kwenye chati. Mkondo A na mkondo B vivyo hivyo: mwalimu wa darasa si yuleyule, kipindi kimoja ni asubuhi na kingine ni baada ya chakula cha mchana, na mara nyingi shule yenyewe iliwapanga watoto kwa alama.

Andaa haya kwanza

- Ruhusa ya mwalimu mkuu, na taarifa kwa wazazi kwa utaratibu wa shule yako.
- Orodha ya wanafunzi yenye alama za Sayansi za mtihani uliopita.
- Sarafu moja, au kompyuta yenye Excel.
- Karatasi za kudurufu za rangi moja.
- Bahasha moja inayofungika kwa gundi.
- Wenzako wawili: mmoja wa kutunza siri ya makundi (mwalimu wa taaluma anafaa sana), mwingine wa kusahihisha. Asiwe mmoja kwa kazi zote mbili.

Kama huna mtu wa pili wa kusahihisha, soma hatua ya 6 kabla hujaanza, maana itabadilisha aina ya mtihani utakaotunga.

Hatua ya 1: Andika swali lako na kipimo chako kabla ya kugawa

Kwenye karatasi moja andika: nini kitatofautiana kati ya makundi, kitapimwa kwa nini, lini, na utahesabu vipi. Kwa mfano wetu: "Kundi moja litajibu maswali 5 kwa dakika 10 za mwisho za kipindi, kwa vipindi vitano. Kundi la pili litasoma muhtasari kwa dakika 10 hizohizo. Kipimo ni mtihani wa maswali 20, siku 14 baada ya kipindi cha mwisho." Weka tarehe na saini, umpe mwalimu wa taaluma nakala. Ukiacha uamuzi huu hadi matokeo yatoke, utajikuta unachagua yale maswali 8 ambayo kundi ulilolipenda lilifanya vizuri, na hutajua kwamba unafanya hivyo.

Mtihani wenyewe utungwe sasa, na ikiwezekana na mtu mwingine. Maswali ya mtihani yasiwe nakala ya maswali ya kwenye karatasi za darasani. Kama karatasi ya darasani iliuliza "Umeng'enyaji wa wanga huanzia wapi?", mtihani unaweza kuuliza kwa nini mkate unaotafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu mdomoni. Ukirudia swali neno kwa neno, kundi la maswali litakuwa limeuona mtihani mapema, na ushindi wake hautakuwa na maana.

Hatua ya 2: Amua kundi linganishi litafanya nini

Hapa ndipo majaribio mengi ya darasani huharibika. Mwalimu huwapa nusu ya darasa mazoezi ya ziada, nusu nyingine anawaruhusu watoke nje. Alama zikipanda, hajui kama ni mazoezi yenyewe, au zile dakika 10 za ziada, au ni kule kuangaliwa kwa makini na mwalimu.

Kundi linganishi lazima lipate kila kitu isipokuwa kile unachokichunguza. Dakika zilezile, chumba kilekile, mwalimu yuleyule, maudhui yaleyale. Kama swali la tatu kwenye karatasi ya maswali linahusu kazi ya nyongo, basi muhtasari nao uwe na sentensi inayoeleza kazi ya nyongo. Mimi hupendelea kuandika muhtasari kwanza, kisha natoa kila swali kutoka sentensi moja ya muhtasari huo. Kundi la maswali, baada ya kujibu, lionyeshwe majibu sahihi nyuma ya karatasi. La sivyo watoto waliokosea wataondoka na makosa yao, na utakuwa unapima jambo jingine.

Hatua ya 3: Panga jozi

Unaweza kuandika majina 48 kwenye vikaratasi, ukavikunja, ukavichanganya kwenye ndoo na kutoa 24. Hiyo ni bahati nasibu halali kabisa. Shida yake ni kwamba darasa moja ni dogo, na bahati ikikataa, wanafunzi wengi wenye alama za juu wanaweza kuangukia upande mmoja. Kwa darasa moja, jozi ni bora.

Panga orodha kwa alama za mtihani uliopita, kutoka ya juu hadi ya chini. Wa kwanza na wa pili ni jozi ya 1, wa tatu na wa nne ni jozi ya 2, endelea hivyo hadi jozi ya 24. Wenye alama sawa wapange kwa namba ya rejista. Darasa likiwa na idadi witiri, mwanafunzi wa mwisho apewe karatasi kwa kurushiwa sarafu kama wengine, ila hataingia kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Gawa kwa bahati nasibu, kisha ufunge mkono

Makundi yapewe majina yasiyo na daraja. Usiyaite A na B, maana yeyote atakayeyasikia atahisi A ni "la kwanza". Sisi tutayaita Embe (maswali) na Chungwa (muhtasari).

Kwa sarafu: chukua ya shilingi 200. Amua kabla ya kurusha kwamba sura ya Karume ikitokea, wa kwanza katika jozi anakwenda Embe na mwenzake Chungwa. Wakitokea simba, kinyume chake. Rusha mara moja kwa kila jozi, sarafu idondoke sakafuni, na mtunza siri aandike papo hapo. Sarafu ikiingia chini ya kabati, itafutwe isomwe pale ilipo, isirushwe upya kwa sababu tu imejificha.

Kwa Excel: orodha iliyopangwa ianze mstari wa 2, jina safu ya A, namba ya mwanafunzi safu ya B, namba ya jozi safu ya C. Kisha:

```
D2: =RAND()
D3: =RAND()
E2: =IF(D2>D3,"Embe","Chungwa")
E3: =IF(D2>D3,"Chungwa","Embe")
```

Chagua D2 hadi E3 kwa pamoja, nakili, ubandike kuanzia D4 hadi mwisho wa orodha. Angalia jambo moja: `RAND()` hubadilika kila unapogusa jedwali. Mara tu makundi yakitoka, nakili safu za D na E, ubandike thamani tupu (Paste Special, kisha Values) juu yake. Usipofanya hivyo, kesho ukifungua faili utakuta makundi mengine na hutakumbuka ya jana.

Orodha ichapishwe, iwekwe kwenye bahasha, ifungwe, ikae kwa mtunza siri. Baada ya hapo hakuna kuhamisha mtu. Utasikia sauti ndani yako ikisema, "Huyu mtoto ni mzito, muhtasari ungemfaa zaidi." Ukimsikiliza mmoja tu, huna tena bahati nasibu, una makundi uliyoyachagua wewe.

*Njia ambazo si bahati nasibu, ingawa watu wengi huzitumia:*

Waliokaa mbele dhidi ya waliokaa nyuma: watoto huchagua pa kukaa, au mwalimu aliwapanga kwa sababu zake. Wanaojitolea dhidi ya wasiojitolea: anayejitolea tayari ana hamu. Nusu ya kwanza ya rejista dhidi ya nusu ya pili: rejista nyingi huandika wavulana kwanza na wasichana baadaye, na majina yakifuata alfabeti ndugu hukaa pamoja. Namba witiri dhidi ya shufwa ina nafuu kidogo, lakini kila mtu anajua kabla nani ataangukia wapi, na mwenye kupanga orodha anaweza kuisogeza. Na kuchagua "ovyo ovyo tu" kwa kichwa chako ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mkono una mazoea yake.

Hatua ya 5: Endesha vipindi, ukificha kile kinachofichika

Katika majaribio ya dawa mgonjwa hupewa kidonge asichokijua, na daktari naye hajui. Darasani huwezi kufika huko. Mtoto anayejibu maswali anajua anajibu maswali. Lakini kuna vitu vitatu unavyoweza kuvificha.

Kwanza, wanafunzi wasijue ni karatasi ipi unayoitegemea ishinde. Karatasi zote zina ukubwa mmoja, rangi moja, na kichwa kimoja: "Karatasi ya marudio". Waambie wote maneno yaleyale, ukiyasoma kutoka kwenye karatasi: "Karatasi za leo zina aina mbili. Zote ni za mada ya leo. Fanya kile karatasi yako inachosema, kimya, kwa dakika kumi." Hilo si uongo, na halimfanyi yeyote ajione amesahaulika.

Pili, usigawe kutoka mafungu mawili. Mtunza siri apange karatasi kwa kufuata rejista, kila moja ikiwa na namba ya mwanafunzi juu kulia, zikiwa zimekunjwa. Wewe unagawa tu kwa namba. Utakapopita kati ya madawati utaona nani ana nini, hilo halikwepeki, kwa hiyo weka kanuni: katika dakika hizo 10 humsaidii yeyote na humsifu yeyote.

Tatu, msahihishaji. Hilo ndilo muhimu kuliko yote, na lina hatua yake hapa chini.

Karatasi zikusanywe zote kabla ya kengele. Zikitoka na watoto, wataonyeshana wakati wa mapumziko, na kundi la Chungwa nalo litaanza kuulizana maswali. Uvujaji wa aina hii hupunguza tofauti na kukufanya udhani njia yako haifanyi kazi. Mfano maarufu uko Busia tena: mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998 katika shule 75. Watoto wasiomeza dawa nao walipata nafuu, kwa sababu wenzao waliotibiwa waliacha kusambaza minyoo. Kama watafiti wangelinganisha watoto wa shule moja peke yao, faida ya dawa ingeonekana ndogo kuliko ilivyo. Mradi ule ulipangwa kwa shule nzima nzima, si kwa mtoto mmoja mmoja.

Fundisho kwako: kama kile unachojaribu hakikai kwenye karatasi ya mtu mmoja, kwa mfano kazi za vikundi au namna mpya ya kufundisha mbele ya darasa, usiwagawe wanafunzi ndani ya darasa. Hapo kinachogawiwa ni madarasa au shule, na utahitaji nyingi. Mkondo mmoja dhidi ya mkondo mmoja ni jaribio la vitu viwili tu, hata kama ndani mna watoto 100.

Hatua ya 6: Sahihisha bila kujua

Mwaka 1912 Starch na Elliott huko Marekani walituma karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wa sekondari waisahihishe. Alama zilianzia 64 zikafika 98, kwa karatasi moja. Kama walimu wasio na upande wanatofautiana hivyo, fikiria mwalimu anayetamani njia yake ishinde.

Siku ya mtihani, mwanafunzi aandike namba ya siri badala ya jina. Namba hizo azitoe mtunza siri, zisiwe za rejista unazozijua kwa kichwa. Karatasi zote 48 zichanganywe kabla ya kumfikia msahihishaji, ambaye anapewa mwongozo wa majibu na hajui hata kwamba kuna Embe na Chungwa. Asahihishe swali la 1 kwa karatasi zote, kisha swali la 2 kwa zote, badala ya kumaliza mwanafunzi mmoja mmoja. Hivyo kipimo chake hakitelezi.

Kama unalazimika kusahihisha mwenyewe, namba ya siri haitoshi, kwa sababu mwandiko wa wanafunzi wako unaujua. Basi tunga maswali ya kuchagua jibu, yasiyohitaji maoni ya msahihishaji.

Alama zote ziandikwe kwa kalamu ya wino, msahihishaji atie saini, ndipo bahasha ifunguliwe. Mpangilio huo usigeuzwe.

Hatua ya 7: Hesabu kwa jozi

Kwa kila jozi, toa alama ya Chungwa kutoka alama ya Embe. Tuseme mwanafunzi mmoja alihama na mwingine alikuwa mgonjwa siku ya mtihani. Jozi zao mbili zinaondoka, zinabaki 22. Katika jozi 17 Embe amemzidi mwenzake, katika 5 Chungwa amezidi. Wastani wa tofauti ni alama 1.7 kati ya 20.

Je, hiyo ni bahati tu? Kama karatasi zote mbili zingekuwa na nguvu sawa, kila jozi ingekuwa kama kurusha sarafu. Sarafu 22 hutoa mgawanyo wa 17 kwa 5, au wa upande mmoja zaidi ya hapo, takriban mara 2 katika 100. Kwa hiyo una sababu ya kuamini maswali yalisaidia. Kwa matumizi ya haraka, upande mmoja ukifikisha idadi hii, uwezekano wa bahati tupu uko chini ya mara 5 katika 100:

- Jozi 24: ushindi 18
- Jozi 22: ushindi 17
- Jozi 20: ushindi 15
- Jozi 16: ushindi 13

Jozi iliyotoka sare iondoe, utumie idadi iliyobaki. Na kila mara taja wastani wa tofauti pamoja na ushindi. Ushindi mwingi wa nusu alama huenda usistahili usumbufu wa kudurufu.

Mambo yakienda kombo

*Ushindi ni 14 kati ya 22.* Usiandike kwamba maswali hayasaidii. Andika kwamba darasa hili halikutosha kuonyesha tofauti. Jozi 22 huona tofauti kubwa tu. Rudia kwa mada nyingine, au mwombe mwenzako wa shule jirani afanye lilelile.

*Karibu wote wamepata 18 na zaidi.* Mtihani ni mwepesi na hauna nafasi ya kuonyesha tofauti. Ndiyo maana ni vizuri kuujaribu kwanza kwa watoto wachache wa Darasa la Saba.

*Mtoto alikosa vipindi vitatu kati ya vitano, lakini alifanya mtihani.* Anabaki kwenye kundi alilopangiwa. Ukiondoa watoro wa Embe peke yao, utabakiza wenye bidii na kuvunja usawa ulioutengeneza kwa sarafu.

*Waliokosa mtihani ni wengi upande mmoja.* Wakiwa sita wa Chungwa na mmoja wa Embe, simama ujue kwa nini, na uandike wazi kwenye ripoti. Kuondoa jozi hakuponyi hilo.

*Amehamia mwanafunzi mpya katikati.* Apewe karatasi kama wengine ili asijione mgeni, ila asihesabiwe.

*Makundi yametoka na wasichana 15 upande mmoja na 9 upande wa pili.* Usirushe sarafu upya kwa sababu hiyo. Kama jinsia ilikuhangaisha, ilibidi upange jozi za wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana tangu hatua ya 3.

*Mzazi analalamika mwanawe "ananyimwa".* Mwonyeshe karatasi zote mbili, na umweleze kwamba mada inayofuata makundi yatabadilishana: Chungwa watajibu maswali, Embe watasoma muhtasari. Panga hilo tangu mwanzo na uliandike kwenye taarifa ya kwanza kwa wazazi. Matokeo ya mada ya pili yahesabu kivyake, kwa karatasi yake na bahasha yake, na kwenye ripoti utaje wazi nani alijua makundi na nani hakujua.